Siku 90 za Kijiji na Siku Zisizohesabiwa za Kilosa

Hoja za wanaoupinga mkataba wa huduma kwa mteja tumezisikia za kutosha, kwenye vikao vya kata na kwenye mabenchi ya kusubiria. Nazichukua moja baada ya nyingine, nazipima kwa huduma moja ambayo wakazi wa Wilaya ya Kilosa wanaijua vizuri: hati ya hakimiliki ya kimila. Msomaji, hukumu ni yako.

Hoja ya kwanza inasema mkataba ni karatasi ya ukutani tu. Tangu Mpango wa Kuboresha Utumishi wa Umma uanze mwaka 2000, ofisi nyingi za serikali zimeandika mikataba hii, na bado watu wanazungushwa. Sehemu ya hoja hii ni kweli. Iko mikataba isiyo na kazi, na kuitambua si vigumu: inaahidi kuhudumia "kwa haraka, weledi na ukarimu". Ahadi ya namna hiyo haivunjiki, kwa sababu hakuna siku ambayo mwananchi anaweza kusema imevunjwa. Linganisha na ahadi inayoweza kuandikwa kwenye dirisha la ardhi: hati iliyofika kutoka kijijini ikiwa kamili itasainiwa, itapigwa lakiri na kusajiliwa ndani ya siku 14 tangu tarehe ya muhuri wa mapokezi, ada ni hii, isipokuwa tayari, muulize afisa mwenye cheo hiki. Hapo kuna muda, kuna mahali muda unapoanzia, kuna bei, kuna mtu wa kujibu. Mwenye hoja ameona mikataba iliyoandikwa vibaya akahukumu mikataba yote. Ushahidi wake unathibitisha kwamba ahadi isiyopimika haifanyi kazi, na hilo ndilo tunalolisema sisi.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, nami nitakaa nayo. Inasema sheria inatosha: Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, tayari inaitaka halmashauri ya kijiji iamue ombi la hakimiliki ndani ya siku 90, basi mkataba wa wilaya unaongeza nini?

Tuisome sheria hiyo kwa makini. Siku 90 zinahesabiwa tangu ombi lilipowasilishwa, au tangu mwombaji alipoleta maelezo ya nyongeza aliyotakiwa kuyaleta. Nazo zinaibana halmashauri ya kijiji katika uamuzi wake. Lakini uamuzi wa kijiji si hati. Hati husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji na mwombaji mwenyewe, kisha afisa ardhi wa wilaya huisaini, huipiga lakiri na kuisajili. Kwa mkulima wa kijiji cha Tarafa ya Mikumi, hatua hiyo ya mwisho iko Kilosa mjini, mwisho wa barabara inayopitia Ulaya. Siku 90 za uamuzi haziifuati hati hadi huko. Mtu anaweza kukubaliwa kijijini ndani ya mwezi mmoja, karatasi zake zikalala wilayani miezi sita, na siku 90 za uamuzi zikawa hazijavunjwa.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mkataba. Unaweka muda kwenye meza ya wilaya, ambako siku 90 za uamuzi hazifiki. Anayesema sheria inatosha amesoma nusu ya safari ya hati. Wilaya hii ina historia ndefu ya migogoro ya wakulima na wafugaji. Katika wilaya ya namna hiyo, hati iliyokwama mezani ni shamba lisilo na ulinzi wa maandishi.

Hoja ya tatu hutolewa na maofisa wenyewe. Wanasema si haki kumfunga mtumishi kwa siku 14 wakati umeme unakatika, mtandao unapotea, na nyaraka zinatoka vijijini zikiwa na mapungufu. Ni malalamiko ya kweli. Mtumishi asilaumiwe kwa asichokiweza. Lakini dawa ya hilo ni kuandika sababu ya kila ucheleweshaji kwenye rejista, si kufuta muda. Mwisho wa mwezi rejista itaonyesha ni mafaili mangapi yalikwama kwa mtandao na mangapi kwa saini ya mtu aliyekuwa safarini. Bila kipimo, afisa anayetaka kuomba vifaa hana ushahidi wa kumpelekea mkurugenzi.

Kuhusu mapungufu ya nyaraka, kuna mwanya unaopaswa kuzibwa. Faili likirudishwa, muda huanza upya. Leo linarudishwa kwa sababu ya picha, likija tena linarudishwa kwa sababu ya ramani, na kila mara kalenda inaanza siku ya kwanza. Mkataba mzuri unasema mapungufu yote yatatajwa mara moja, kwa maandishi, siku ya kupokelewa.

Maofisa hao hao wakiulizwa wanajitetea kwa wastani: "wastani wetu ni siku 14." Chukua mfano wa hati 20. Kumi na sita zimetoka kwa siku 5 kila moja, nne zimekaa siku 50. Jumla ni siku 280, wastani ni 14 kamili. Lengo limefikiwa kwenye taarifa, huku mtu mmoja kati ya watano akisubiri karibu miezi miwili. Ndiyo maana kiwango kiandikwe kwa idadi ya waliohudumiwa kwa wakati, kwa mfano hati 95 katika kila 100. Kwa kipimo hicho ofisi ya mfano wetu imepata 80, na imefeli.

Hoja ya mwisho inahusu dawati la malalamiko linaloambatana na mkataba, nayo inajipinga yenyewe. Mara tunaambiwa watu wa huku hawalalamiki, kwa hiyo dawati halina kazi. Mara tunaambiwa dawati likifunguliwa litafurika, na wingi wa malalamiko utaonekana kuwa ushahidi wa huduma mbovu. Yote mawili hayawezi kuwa kweli. Wasiolalamika dirishani hunyamaza kwa sababu anayepokea lalamiko ndiye anayelalamikiwa, na faili la mlalamikaji bado liko mezani kwake. Liondoe dawati chini ya mkuu wa dirisha, mpe mlalamikaji namba ya kumbukumbu na tarehe ya kujibiwa, na sauti zitasikika. Ongezeko la miezi ya mwanzo ni watu kuanza kusema. Kipimo cha huduma ni kama lalamiko lilelile linajirudia. Ukikuta rejista ambayo kila safu ya majibu imeandikwa "amefahamishwa" na hakuna utaratibu hata mmoja uliobadilishwa, jua dawati hilo limekufa.

Wapinzani wamepatia jambo moja: dawati halitaamua shamba ni la nani. Mgogoro wa mpaka unakwenda baraza la ardhi la kijiji au la kata, na aliyeombwa rushwa apige 113 kwa TAKUKURU. Lakini swali la kwa nini hati iliyokubaliwa kijijini mwezi Machi haijasainiwa wilayani hadi Septemba si la baraza wala la TAKUKURU. Mpaka sasa wanaopinga dawati hawajatuambia mwenye hati hiyo aende kuuliza wapi.