Tarehe mpya isubiri familia

Nakubali kwamba tangazo la kuahirisha sherehe kwa sababu ya msiba liwe fupi, ila sisi wa Bujumbura tungeongeza jambo moja: kiongozi asitoe tarehe mpya siku ileile ya msiba. Rais Nkurunziza alipofariki Juni 2020, serikali ilitangaza siku 7 za maombolezo, na kila ofisi ikajua zinaisha lini. Msiba wa nyumbani hauko hivyo. Mwenzetu Mwislamu wa Buyenzi huzika siku hiyohiyo au kesho yake. Familia ya Kikristo yaweza kusubiri siku kadhaa ndugu wafike kutoka mikoani. Baada ya mazishi huondoa matanga kwa sehemu, na kuyaondoa kabisa huja baadaye sana, mara nyingi karibu mwaka mzima.

Kiongozi wa timu yetu alituandikia hivi: «Ndugu zangu, mwenzetu amefiwa na baba yake. Sherehe ya Jumamosi imeahirishwa. Tarehe mpya nitaitoa baada ya matanga ya kwanza, nikishaongea na familia. Ukumbi nimeshaupigia simu, msihangaike nao. Rambirambi mpeni mhasibu.» Jina la mfiwa, ambalo hapa nimeliacha, aliliweka kwa idhini ya mfiwa mwenyewe. Sentensi ya ukumbi ilitutuliza sana, maana malipo ya awali yalitoka mifukoni mwetu. Kilichokosekana ni taarifa kwa wageni wa nje. Wawili walifika Jumamosi wamependeza, hawana habari, wakakuta mlango umefungwa. Tangazo limtaje na mtu wa kuwapigia simu.