Kadi imeibiwa London: neno moja kwenye barua linaweza kukupotezea haki yako

Jumamosi moja asubuhi nilipigiwa simu na mtoto wa dada yangu, binti anayesoma hapa London. Analia. "Mjomba, akaunti imebaki na pauni sita." Dada yangu yuko Maskati, na pesa ile ndo kodi ya chumba aliyomtumia mwanawe wiki ile ile. Basi nikachukua treni mpaka Whitechapel, tukakaa mezani, tukaanza kuhesabu kilichotokea.

Ninaandika haya kwa sababu najua familia nyingi zetu za Oman, Dubai na Doha zina mtoto au ndugu anayesoma huku. Wizi wa aina hii umeenea, na watu wengi wanaoshindwa kurudishiwa pesa zao walikuwa na haki. Wanashindwa kwa sababu ya namna walivyoiandikia benki.

Mambo yalikuwa hivi. Ijumaa usiku, saa mbili na dakika arobaini, alipata ujumbe kuwa kifurushi chake kimezuiwa na alipe pauni moja na senti 45 kipelekwe upya. Kweli alikuwa anasubiri kifurushi. Akabonyeza, akajaza namba za kadi, kisha ikaja namba ya siri ya tarakimu sita kutoka benki. Akaiandika kwenye ule ukurasa akidhani analipa ile pauni moja.

Kumbe namba ile haikuwa ya kulipia kifurushi. Ilikuwa ya kuisajili kadi yake kwenye simu ya mtu mwingine, kwenye ile pochi ya simu kama Apple Pay au Google Pay. Kadi ikishaingia kwenye simu ya mwizi, mwizi hahitaji tena kumuuliza mtu. Anaweka kidole chake mwenyewe au uso wake, anagusisha simu dukani, analipa. Na malipo ya simu hayabanwi na ukomo mdogo kama ule wa kugusisha kadi ya plastiki. Saa tatu na dakika 22 pauni 749 zimelipwa kwenye duka la vifaa vya umeme Manchester. Dakika tisa baadaye, pauni 749 nyingine. Kisha pauni 412 duka jingine. Jumla 1,910. Binti mwenyewe saa ile yuko London.

Alipoamka alifanya jambo moja sawasawa. Alipiga simu 159. Hiyo ni namba fupi ya hapa Uingereza inayokuunganisha na benki yako, ili usije ukapiga namba ya matapeli wenyewe. Kadi ikafungwa, akapewa namba ya kumbukumbu. Saa ya ile simu ni muhimu sana, kwa sababu kisheria, chochote kitakachotoka baada ya wewe kuiarifu benki si juu yako, maadamu wewe mwenyewe si mlaghai.

Lakini Jumapili, kwa haraka na majonzi, akaiandikia benki barua fupi. Ndani yake kuna sentensi hii: "Nilidanganywa nikaidhinisha malipo matatu." Jumatano wakampigia: pole, namba ya siri iliingizwa, na wewe mwenyewe umesema uliidhinisha, hatuwezi kurudisha.

Hapa ndo penye kiini cha jambo. Sheria ya Uingereza, yaani Kanuni za Huduma za Malipo za mwaka 2017, inagawa malipo mafungu mawili. Kuna malipo uliyoyaridhia na malipo usiyoyaridhia. Yale usiyoyaridhia, kanuni ya 76 inasema benki irudishe pesa mara moja, na isizidi mwisho wa siku ya kazi inayofuata tangu ilipojua. Siku ya kazi huku ni Jumatatu mpaka Ijumaa, si Jumapili mpaka Alhamisi kama Maskati. Kwa hiyo kwa simu ya Jumamosi, mwisho ulikuwa Jumatatu jioni. Benki inaruhusiwa kuzuia tu ikiwa ina sababu za maana za kumshuku mteja mwenyewe kwa ulaghai, na ikawaarifu wahusika kwa maandishi.

Ukisema "niliidhinisha", umejitoa mwenyewe kwenye fungu hilo. Na fungu la pili lina historia ngumu. Mwaka 2018 mama mmoja wa hapa, Bi Philipp, alidanganywa akaiagiza benki yake, Barclays, ipeleke pauni 700,000 kwenye akaunti za Falme za Kiarabu. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na tarehe 12 Julai 2023 majaji wakasema kuwa mteja akitoa agizo lililo wazi, kazi ya benki ni kulitekeleza. Kudanganywa hakukulifanya agizo lile lisiwe lake. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024 kuna utaratibu mpya wa kuwarudishia waliotapeliwa wakatuma pesa wenyewe, mpaka pauni 85,000, lakini ni kwa pesa iliyotumwa ndani ya Uingereza tu. Iliyokwenda Dubai au Unguja haimo.

Sasa binti yetu aliridhia nini? Aliridhia pauni moja na senti 45. Hakuijua simu ya Manchester, hakulijua duka, hakuzijua pauni 749. Kuandika namba ya siri ni uthibitisho wa mitambo. Kuridhia malipo ni jambo jingine. Na kanuni ya 75 inalisema hili waziwazi: mzigo wa kuthibitisha uko kwa benki, na ile kumbukumbu ya kompyuta kuwa kadi imetumika si lazima peke yake itoshe kuonyesha kuwa mteja aliridhia, wala kuwa alizembea kupita kiasi.

Tukaandika barua ya pili kwa kitengo cha udanganyifu, na juu yake tukaandika neno "Malalamiko", maana neno hilo linaanzisha saa ya kisheria. Iliandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili chetu maana yake ni hii:

"Ninapinga malipo matatu yafuatayo, ambayo sikuyafanya wala sikuyaridhia. (Hapa tarehe, saa, duka na kiasi cha kila moja.) Niliwaarifu Jumamosi saa moja na dakika 20 asubuhi, kumbukumbu namba hii.

Usiku wa Ijumaa niliandika namba ya siri kwenye ukurasa niliouamini kuwa wa kampuni ya vifurushi, kwa nia ya kulipa pauni 1.45. Sikuomba kadi yangu isajiliwe kwenye simu yoyote. Katika barua yangu ya Jumapili nilitumia neno 'niliidhinisha' kimakosa. Nilikusudia kusema nilidanganywa nikatoa namba.

Ninaomba mnirudishie pauni 1,910 kwa mujibu wa kanuni ya 76. Mkikataa, nielezeni kwa maandishi: kadi ilisajiliwa kwenye simu ya aina gani na saa ngapi, maneno kamili ya ujumbe mlionitumia pamoja na ile namba, na kwa ushahidi gani mnasema nilizembea kupita kiasi."

Angalia mambo mawili. La kwanza, hatukuficha kuwa alitoa namba. Benki inajua, na ukificha, ukakamatwa, maneno yako yote yanaporomoka. La pili, tuliomba maneno kamili ya ujumbe. Alikuwa hajaufuta, tukaupiga picha. Ulisema hivi tu: namba yako ni hii, usimpe mtu. Haukusema kuwa namba ile inaingiza kadi yako kwenye simu mpya. Lau ungesema hivyo waziwazi, hoja yetu ingekuwa dhaifu zaidi, nakiri.

Maana hapo ndipo benki inaposhikilia: uzembe wa kupita kiasi. Ikithibitisha hilo, mteja anabeba hasara yote ya kabla ya kuarifu. Lakini kipimo chake ni kirefu. Mamlaka ya usimamizi wa fedha, FCA, imeeleza kuwa lazima uwe uzembe mkubwa sana, si kosa ambalo mtu yeyote aliyechoka Ijumaa usiku angeweza kulifanya. Kama hakuna uzembe wa namna hiyo wala ulaghai, zaidi benki inaweza kukukata ni pauni 35.

Tuliambatisha pia kumbukumbu ya safari za kadi yake ya Oyster ya wanafunzi, inayoonyesha alitoka stesheni ya Whitechapel saa tatu na dakika kumi usiku ule. Hiyo haithibitishi kila kitu, kwa sababu mtu anaweza kumpa rafiki simu yake. Lakini ukiiweka pamoja na aina ya simu iliyosajiliwa, ambayo si yake, picha inakamilika.

Kwa malalamiko ya malipo, benki ina siku 15 za kazi kujibu, na 35 ikiwa kuna sababu ya pekee iliyo nje ya uwezo wake. Ikikataa, au muda ukapita, unakwenda kwa msuluhishi wa huduma za fedha, Financial Ombudsman Service. Ni bure, huhitaji wakili, na una miezi sita tangu barua ya mwisho ya benki. Ukiichelewesha ile miezi sita, kwa kawaida mlango unafungwa.

Sisi hatukufika huko. Siku ya kazi ya kumi na mbili benki iliandika mistari minne: simu iliyosajiliwa haikuwa imewahi kuonekana kwenye akaunti yake, na pauni 1,910 zimerudishwa zote. Kodi ya chumba ikalipwa na kuchelewa wiki tatu, mwenye nyumba naye kanuna.

Nitoe tahadhari moja kwa wazazi mlioko Ghuba. Haya yote ni kwa akaunti ya benki ya Uingereza. Mtoto akitumia London kadi ya benki ya Maskati au Dubai, madai yanakwenda kwa benki iliyotoa kadi, kwa sheria za huko. Kwa Falme za Kiarabu, benki ikikataa, kuna ofisi ya malalamiko ya benki na bima inayoitwa Sanadak. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mtoto akikupigia analia, baada ya kumwambia afunge kadi, ni: kadi hiyo ni ya benki ya wapi? La pili: umeshawaandikia chochote? Kama bado, mwambie asubiri nusu saa, anywe chai, kisha aandike alichoridhia na asichoridhia, kila kimoja mahali pake.