Gauni la Bibi Lililogeuka Rangi ya Samli

Kuna ugonjwa umetuingia sisi watu wa pwani, nao ni kutaka kila cheupe kiwe cheupe pe, hata kikiwa na umri wa kuitwa babu. Juzi nimeona foronya za kudarizi kwa mkono, kazi ya miezi mingi ya mwanamke ambaye sasa ni marehemu, zimetolewa sandukuni kwa ajili ya harusi zikatiwa jiki usiku kucha. Asubuhi zilikuwa nyeupe kama chokaa. Zilipokamuliwa, kidole kikapenya. Zikaishia kuwa matambara ya kupangusia meza.

Sisemi haya kumcheka mtu. Nayasema kwa sababu wiki chache baadaye nililetewa gauni la dada yangu mkubwa, alilovaa siku ya kutolewa mbele ya wanawake mwaka 1969. Mjukuu wake alitaka kulivaa kwenye harusi yake. "Bibi," akaniambia, "mama asema litiwe jiki kidogo tu." Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, na chupa iko kwenye kikapu. Nikamwomba aiache mlangoni.

Kwanza yafaa tujue ule umanjano ni kitu gani. Si uchafu uliokaa juu ya kitambaa kama vumbi. Pamba, inapozeeka, huvunjika kidogo kidogo ndani ya nyuzi zake, na mabaki yake huwa na asidi na rangi ya kahawia. Huongezewa na jasho, wanga, sabuni ambayo haikusuuzwa vizuri, na mvuke wa mbao za sanduku lenyewe. Asidi hiyo nayo huzidi kuvunja nyuzi. Basi jiki, ambayo ni dawa ya klorini, huiondoa rangi lakini hukata zile nyuzi zilizobaki, na kitambaa kilichokatwa hivyo hugeuka manjano tena upesi kuliko mwanzo. Kwenye hariri ni balaa, kwani klorini huiyeyusha.

Jambo la kufurahisha ni kwamba sehemu kubwa ya mabaki hayo ya kahawia huyeyuka kwa maji matupu. Hili ndilo wengi wasiloliamini mpaka walione.

Kabla ya maji nililitandaza gauni juu ya kitanda, mchana, dirisha likiwa wazi. Nikachomoa nyuzi mbili tatu ndani ya pindo na kuzivuta taratibu. Uzi ulio hai hukataa kidogo kabla ya kukatika. Uliokufa hukatika kama jani kavu. Nyuzi za gauni zilikataa, nami nikashukuru. Lau zingekatika bila ya kuvutwa, au kitambaa kingelia kama karatasi kwenye mikunjo, ningelirudisha sandukuni bila kulilowesha. Kisha nikauchoma uzi mmoja juu ya kisahani. Ulinuka karatasi iliyoungua ukaacha majivu laini: basi ni pamba, melimeli ya zamani. Uzi wa lesi ya mikononi uliyeyuka ukawa kijidonge kigumu: ni nailoni, hautaki maji ya moto. Ungenuka nywele zilizoungua ningejua ni hariri, na safari yangu ingeishia kwenye maji baridi tu.

Yalikuwapo madoa ya namna mbili. Kifuani palikuwa na doa la kahawia lenye ukingo, mfano wa ramani. Dada yangu alicheka alipoliona. Ni sharbati iliyomwagika siku ile ile, ikakauka bila ya kuonekana, na sukari yake ikapikika yenyewe kwa miaka hamsini na zaidi. Ndiyo sababu vazi lililovaliwa halifai kupigwa pasi wala kuwekwa kabla ya kufuliwa, hata likionekana safi. Pasi ingelilikaanga doa hilo papo hapo.

Doa la pili ndilo lililonitia hofu. Mgongoni, penye kulabu za kufungia, palikuwa na vidoa vinne vya rangi ya chungwa, vidogo kama punje za ulezi. Hiyo ni kutu. Nilizifumua kulabu zote na kuzitia bahashani. Kisha nikakoroga kijiko kidogo cha ndimu ya unga katika kikombe cha maji ya mvua. Juisi ya ndimu mbichi nimeikwepa kwa sababu ina sukari yake. Nikadondosha juu ya kidoa kwa pamba, nikangoja dakika kumi, nikasuuza kwa maji mengi, nikarudia mara tatu. Vidoa vitatu vikafifia mpaka havionekani. Cha nne kilikataa, na kitambaa chini yake kilikuwa kimeanza kuwa chembamba. Hapo nikaacha, kwani asidi nayo hula pamba ikikaa sana.

Maji niliyotumia ni ya mvua. Visima vyetu vingi vya Mombasa na visiwani vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, na maji yake yana chokaa, mengine na chumvi juu yake. Sabuni ikikutana na chokaa hiyo hufanya utando mweupe unaoshika kwenye nyuzi, nao ndio utakuwa manjano ya kesho. Wenye jabia nyumbani wanajua thamani yake. Asiye nayo na akinge ndoo kadhaa, mvua ya kwanza ikishaosha paa.

Katika beseni pana nilitandaza kipande cha chandarua kikuukuu kilichofuliwa, kisha gauni juu yake bila kulikunja. Hii ndiyo siri ambayo ningependa kila nyumba iijue. Gauni lililolowa hubeba maji mengi mno, na ukilinyanyua kwa mabega uzito huo hupasua mishono na kitambaa kilichochoka. Linyanyuliwe kwa chandarua, watu wawili wakishika pembe nne, na maji yachuruzike yenyewe.

Maji ya kwanza, ya baridi, yalikaa muda wa saa moja. Yalipotolewa yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Mama yake bi harusi alikuja kutazama akanyamaza. Ya pili yalikuwa kama chai iliyotiwa maji mara mbili, na ya tatu yalikuwa na umanjano hafifu tu. Hakuna sabuni iliyokuwa imetiwa bado. Ndipo nikatia maji ya vuguvugu, lita kumi, na kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya maji isiyo na rangi wala manukato, nikaligandamiza gauni kwa kiganja, juu chini, bila kusugua. Doa la sharbati lililegea na kutoweka karibu lote, maana sukari ni mtoto wa maji.

Kusuuza kulichukua muda kuliko kufua. Kuna mbinu ya jikoni ya kujua kama sabuni au magadi yamekwisha. Paka manjano ya mchuzi kwenye karatasi nyeupe, mbali kabisa na nguo, na ikikauka dondosha tone la maji ya mwisho, na pembeni tone la maji safi. Tone la kwanza likigeuka jekundu jekundu, suuza tena. Mimi nilisuuza mara tano.

Baada ya hapo gauni lilikuwa na rangi ya pembe za ndovu. Mama yake akasema, "Shangazi, mbona halijawa jeupe? Si kuna ule unga wa oksijeni?" Upo, na kwa pamba yenye nguvu ni mzuri. Ni sodiamu pakaboneti. Siku hiyo hiyo nilizitia foronya tatu zilizotoka katika sanduku lile lile: kijiko kikubwa kimoja kiliyeyushwa katika maji ya moto kidogo, kikaongezwa maji ya vuguvugu mpaka lita tano, foronya zikakaa muda wa saa moja, nikatazama, nikaongeza saa moja nyingine, basi. Zilitoka nyeupe za kupendeza na darizi haikulegea. Unga huo haufai kwa hariri wala sufu, na foronya hizo hazikuwa na uzi wa hariri. Nililihakikisha hilo kwa kuchoma uzi.

Lakini gauni nililikatalia, kwa sababu ya kile kidoa cha nne. Chuma kikikutana na dawa hiyo huichochea ifanye kazi kwa ukali pale pale penye kutu, na watu hushangaa kuona tundu la mviringo pale palipokuwa na doa. Tungeweza kupata gauni jeupe lenye tundu mgongoni, au gauni la rangi ya maziwa lililo zima. Tulibishana, sitaficha. Aliyekata shauri ni bi harusi mwenyewe, aliyesema kwamba alilitaka gauni la bibi yake, na kama angetaka jipya angelinunua dukani.

Wengine walinishauri nitie bluu ya kufulia. Bluu haiondoi manjano, huyafunika tu, na ikishika vibaya huacha mabaka. Wengine wakasema lianikwe juani kama walivyofanya wazee. Ni kweli jua hung'arisha pamba iliyolowa, ila hung'arisha kwa kuila. Shuka mpya itastahimili, lakini si melimeli ya mwaka 1969. Tulilitandaza chumbani juu ya taulo nyeupe, upepo wa kaskazi ukipita madirishani, tukalinyoosha kwa vidole, na kufikia magharibi lilikuwa kavu. Msimu huo ndio wa kazi hii. Wakati wa masika nguo nzito huchelewa kukauka na kuvu haikawii.

Siku ya harusi, chini ya taa na kando ya hina, sikumsikia mwanamke hata mmoja akiuliza kwa nini si jeupe pe. Walichouliza ni nani aliyeshona zile mikono.

Tangu hapo limefuliwa tena kwa maji ya mvua, bila wanga, kwani wanga huwaita wadudu. Halimo katika mfuko wa plastiki, ambao hufungia unyevu, wala haligusi mbao. Tumelizungushia marekani iliyofuliwa mara kadhaa mpaka ikawa laini, na kwenye kila mkunjo tumetia kitambaa kilichoviringishwa ili usikate nyuzi. Vijiti vya udi na chupa ya mafuta ya asumini, ambavyo dada yangu alivipenda sana sandukuni, vimehamishiwa kabatini. Kulabu hatukuzirudisha, fundi ametia vifungo vya kitambaa. Kila kaskazi tutalifungua na kulikunja mahali pengine, na safari ijayo nitakitazama tena kile kidoa.