Nguzo Kumi na Mbili, Nafasi Kumi na Moja

Anayejenga ua wa shamba huku Endarasha anajua kwamba nguzo 12 zilizopangwa mstari mmoja huacha nafasi 11 kati yake. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyekariri kanuni zote za mfuatano hukosea papo hapo, kwa sababu anahesabu nguzo pale anapotakiwa kuhesabu nafasi. Toleo hili linatetea jambo moja: kabla ya kushika kanuni, uliza namba ya kwanza inasimamia nini na swali linataka nini.

Tuanze na chama. Mama anaweka shilingi 200 wiki ya kwanza, kisha kila wiki anaongeza 50 juu ya alichoweka wiki iliyotangulia. Kufika wiki ya 12 ameongeza mara 11:

200 + 11 × 50 = 750

Anayejibu 800 amehesabu nguzo. Akiba yote ni wiki 12 zikizidishwa kwa wastani wa wiki ya kwanza na ya mwisho:

12 × (200 + 750) ÷ 2 = 5,700

Mbegu za viazi hukua kwa njia nyingine. Tuseme mkulima anapanda magunia 2, kila gunia linazaa 5, na mavuno yote anayarudisha shambani. Hapa hatuongezi, tunazidisha. Mbegu za msimu wa nne zimezidishwa mara tatu:

2 × 5³ = 250

Wengi huandika 2 × 5⁴ = 1,250. Namba hiyo nayo ina maana: ni mavuno ya msimu wa nne, yaani mbegu za msimu wa tano. Hesabu ni safi, ila inajibu swali ambalo halikuulizwa.

Sasa jumla:

2 × (5⁴ − 1) ÷ (5 − 1) = 2 × 624 ÷ 4 = 312

Ihakikishe kwa kujumlisha: 2 + 10 + 50 + 250. Lakini magunia 312 hayako ghalani. Mbegu ikishapandwa imekwisha. Jumla hii inaonyesha upanzi wote wa misimu minne, na inafaa kukadiria mbolea na vibarua. Anayetaka kujua atakachovuna mwishoni asijumlishe.

Hatimaye, rudisha jibu shambani. Ekari moja ikichukua magunia 16 ya mbegu, magunia 250 yanadai zaidi ya ekari 15, na wenye shamba la ukubwa huo ni wachache. Tena mbegu inayorudiwa kila msimu hukusanya magonjwa, kama mnyauko wa bakteria, hata ile 5 ikashuka kuwa 4, kisha 3. Uwiano ukibadilika, kanuni haitumiki tena. Hapo jumlisha msimu kwa msimu.

Maswali ya toleo hili yamepangwa kwa utaratibu huo. Chora nguzo zako kwanza, ndipo uandike kanuni.

Mhariri