Mwingine nani?

Mimi niliacha chuo, lakini bado watoto wa jirani hapa Oldonyiro huniletea homuwaki. Jana ilikuwa ile ya kupanga sentensi:

A. Baadaye mwingine aliongeza elfu moja, wakaelewana.
B. Jioni babu alirudi na unga.
C. Lakini babu aliikataa bei hiyo.
D. Asubuhi babu alimpeleka mbuzi sokoni.
E. Mnunuzi wa kwanza alitaja shilingi elfu nne.

Kijana alikimbilia maneno ya wakati, akaandika D, A, E, C, B. Wengi wetu tulifunzwa hivyo, na mimi napinga. Nikamuuliza, "Mwingine nani, na wa kwanza hujamtaja?" Kimya. Basi E itangulie A.

Halafu C: "hiyo", na ile "i" ndani ya "aliikataa", zinadai bei iliyokwisha kutajwa. Kwa hivyo C iko nyuma ya E. Je, A inaweza kupenya katikati yao? Wapi! Babu atakataaje bei ambayo wameshaelewana?

Jibu ni D, E, C, A, B. "Asubuhi" na "jioni" zilishika ncha mbili tu. "Baadaye" hukaa karibu popote, ndiyo maana ilimpoteza.