Viroboto Waliobaki Katika Nyumba Uliyohamia

Askari apewapo uhamisho hufungasha vyombo vyake, hukabidhi ufunguo na kuondoka pamoja na jamaa yake. Nyumba aliyoiacha, iwe katika kambi ya Naguru, Nsambya au penginepo mjini Kampala, huweza kukaa mwezi mmoja au miwili bila mtu. Mgeni aingiapo huikuta tupu, imefagiwa, haina hata mkeka. Hata hivyo usiku ule ule wa kwanza watoto huanza kujikuna vifundo vya miguu, na baada ya majuma machache mbwa wa nyumba huwa amejing'ata kiuno mpaka manyoya yamepukutika.

Tuchukue mfano wa jamaa moja ya namna hiyo. Wana mbwa mmoja wa kilo 20, paka mmoja, na mtoto wa mwaka mmoja ambaye bado anatambaa. Aliyetangulia kukaa humo naye alikuwa na mbwa. Mama wa nyumba amemwosha mbwa wao kwa sabuni kila Jumamosi, lakini kujikuna hakupungui. Siku moja aliona chini ya mkia wa mbwa vipande vyeupe mfano wa punje za mchele, vingine vikijongea. Akanunua dawa ya minyoo, akampa, na punje zikatoweka. Zilipita siku kama 25, punje zikarudi. Majirani wakasema kuwa dawa ile ilikuwa ya bandia.

Dawa haikuwa ya bandia. Kiuno kilichopukutika manyoya na punje zile za mchele ni matatizo mawili yaliyoletwa na mdudu mmoja, naye ni kiroboto; na sehemu kubwa ya viroboto wa nyumba ile haikuwa juu ya mbwa hata kidogo.

Kiroboto jike akishapanda juu ya mbwa au paka hunywa damu mara moja, na kabla siku mbili hazijapita huanza kutaga. Kwa siku moja huweza kutaga mayai 20 hadi 50. Mayai hayo ni laini, hayana gundi, na kwa hiyo huanguka kila mahali mnyama anapolala au kupita: juu ya gunia lake, chini ya kitanda, katika nyufa za sakafu, kwenye baraza. Viroboto jike 10 tu, wakitaga mayai 30 kila mmoja, humwaga ndani ya nyumba mayai 300 kwa siku, na 2,100 kwa juma moja.

Katika yai hutoka buu mdogo asiye na macho wala miguu, mwenye kuchukia mwanga. Hujificha vumbini na kula takataka, hasa kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho kwa kweli ni damu iliyokauka. Akishashiba na kukua, hujifumia kifukofuko cha nyuzi zenye kunata, ambacho hushika mchanga na vumbi mpaka kisiweze kutambulika. Hali ya hewa ya Kampala, isiyo na baridi kali wala ukavu wa muda mrefu, humfaa mdudu huyu mwaka mzima. Mambo yakimwendea vyema, safari yote kutoka yai mpaka kiroboto kamili huchukua kama majuma matatu.

Lakini kiroboto aliyekwisha kamilika halazimiki kutoka katika kifukofuko chake. Huweza kukaa humo kwa miezi kadhaa, akingojea dalili ya kwamba chakula kimefika, yaani mtikisiko wa hatua za miguu, joto la mwili na pumzi ya kiumbe hai. Ndiyo sababu nyumba iliyofungwa kwa miezi miwili huonekana salama, kisha siku ya kuhamia viroboto huibuka kwa mamia. Wanaume waliobeba vitanda na watoto waliokimbia chumbani ndio waliowaamsha.

Wataalamu hukadiria kwamba katika kila viroboto 100 wa nyumba, watano tu ndio wakubwa walio juu ya mnyama. Waliosalia 95 ni mayai, mabuu na vifukofuko vilivyomo sakafuni na matandikoni. Mama yule aliyemwosha mbwa kila Jumamosi alikuwa akipigana na wale watano.

Sasa tutazame kiuno cha mbwa. Kiroboto anapouma hutia mate yake ndani ya ngozi. Mbwa wengi huwashwa kidogo tu, lakini wengine mwili wao huyakataa mate hayo kwa ukali, hali inayoitwa mzio. Kwa mnyama wa namna hiyo viroboto wachache tu hutosha kumwasha kwa siku nyingi. Alama yake kwa mbwa iko mahali maalumu: kiunoni, kwenye shina la mkia, na nyuma ya mapaja. Paka huota vipele vidogo vyenye magaga, kama mtama uliotawanyika shingoni na mgongoni. Ikiwa magonjwa ya ngozi yameanzia kwenye ncha za masikio na viwiko, yaelekea ni ukurutu wa wadudu wengine, nao una dawa yake mbali.

Watu wengi hukana kuwa mbwa wao ana viroboto kwa sababu hawawaoni. Mnyama awashwaye sana hujing'ata na kujilamba mpaka huwameza. Basi twaa kitana chenye meno ya karibu karibu, chana manyoya ya kiunoni, na ukung'ute juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Chembe nyeusi zikibaki nyeusi, ni udongo. Zikitoa wekundu wa kutu, ni kinyesi cha kiroboto, na swali limekwisha.

Kule kuwameza viroboto ndiko kunakotuleta kwenye punje za mchele. Punje hizo ni vipande vya tegu aitwaye na wataalamu Dipilidiumu, anayekaa utumboni mwa mbwa na paka na kufikia urefu wa nusu mita. Kila kipande kimejaa mayai. Kikishatoka hukauka na kupasuka juu ya tandiko la mnyama, mahali pale pale mabuu ya viroboto wanapokula. Buu humeza yai la tegu. Kiroboto mkubwa hawezi, kwa kuwa mdomo wake ni wa kufyonza tu. Buu akigeuka kuwa kiroboto, hubeba mtoto wa tegu tumboni mwake. Mbwa akijing'ata na kummeza kiroboto huyo, tegu mpya hukua, na baada ya majuma matatu hivi punje huonekana tena.

Hapo tunaweza kuzihesabu zile siku 25. Dawa iliua tegu waliokuwemo siku ile, lakini haikai mwilini kumlinda mnyama. Yamkini kesho yake mbwa alimeza kiroboto mwingine kutoka katika vumbi alilowachia mbwa wa mpangaji wa zamani.

Mtoto anayetambaa naye aweza kumpata tegu huyu, kwa njia ile ile ya kummeza kiroboto. Hapati kwa kugusa punje. Kwa kawaida haumwi sana, ila mama huona punje katika nepi na kudhani ni minyoo ya kawaida. Dawa ya albendazoli inayonunuliwa dukani kwa minyoo ya watoto si ya kutegemewa kwa tegu huyu. Mpeleke mtoto kwa daktari, na uchukue punje moja ndani ya chupa safi ili aitazame.

Matibabu yanafaa yaanze siku moja kwa wanyama wote na kwa nyumba nzima. Kwa tegu, dawa ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa wetu wa kilo 20 ahitaji miligramu 100, na paka apimwe peke yake. Siku hiyo hiyo wapewe dawa ya viroboto, kama fipronili ya kudondosha mabegani, au kidonge cha mwezi atakachochagua daktari wa mifugo. Mbwa mwenye mzio huenda akahitaji pia dawa ya kutuliza muwasho, na ya vidonda ikiwa ngozi imetunga usaha. Hizo ni za daktari kuamua.

Hapa kuna makosa mawili ya hatari. La kwanza ni kutumia dawa ya kuoshea ng'ombe. Amitrazi, inayouzwa sana kwa kupe, haiui viroboto, na yaweza kumdhuru paka. La pili ni kumpaka paka dawa ya mbwa yenye permetrini. Dawa hiyo humtetemesha paka na huweza kumwua.

Ndani ya nyumba, toa matandiko yote, ya watu na ya wanyama, uyafue kwa maji ya moto sana na kuyaanika juani. Gunia la mbwa lichomwe. Sogeza vitanda na makabati, fagia pembe na nyufa kwa ncha ya kijiti, na takataka zitiwe motoni, zisitupwe uani. Kisha nyunyiza dawa ya wadudu iliyochanganywa na ile izuiayo mayai na mabuu kukua, kama vile piriproksifeni. Watoto, wanyama na vyakula vikae nje mpaka sakafu ikauke.

Jambo moja halina budi kueleweka mapema. Hakuna dawa ya kunyunyiza inayopenya vizuri ndani ya kifukofuko. Kwa hiyo katika juma la pili, la tatu hata la nne utaona viroboto wapya wakiruka. Usidhani umeshindwa, wala usiache. Hao ndio waliokuwa wamejificha, na kufagia kila siku huwaamsha ili wapande juu ya mnyama mwenye dawa na kufa kabla ya kutaga. Dawa ya wanyama irudiwe kila mwezi kwa muda usiopungua miezi mitatu. Punje za tegu zikionekana tena kabla ya hapo, mpe mnyama prazikwanteli mara nyingine, na utafute mahali ambapo viroboto bado wanazaliana.

Mara nyingi mahali hapo ni kwa jirani. Katika nyumba za safu moja paka hana mpaka. Hulala baraza hii asubuhi na ile jioni. Wenye mbwa na paka katika safu wapatane siku moja ya kutibu. Naye aondokaye kwa uhamisho achome tandiko la mbwa wake na kufagia nyufa kabla ya kukabidhi ufunguo, kwa maana mtoto wa mwenzake ndiye atakayetambaa juu ya sakafu ile.