Usiajiri mtu wa nne stoo kabla hujabadilisha jinsi ya kukusanya oda

Mteja akishalipa kwa simu, meseji ya malipo inaingia kwa sekunde chache. Mzigo nao unaweza kukaa stoo saa nzima bila kuguswa. Wauzaji wengi wa mtandaoni wakiona hivyo wanafikiria kuongeza mfanyakazi. Kwa maoni yangu, hapo wanakosea, kwa sababu muda mwingi stoo unaliwa na kutembea.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Kufikia saa nne asubuhi una oda 60 zilizolipwa, kila moja ina bidhaa mbili. Ukikusanya oda moja moja, tuseme kila safari ya kuzunguka rafu na kurudi ni dakika 5, na kushika kila bidhaa ni sekunde 15. Hiyo ni dakika 330 za kazi, yaani saa tano na nusu. Kati ya hizo, dakika 300 ni miguu tu.

Sasa kusanya kwa mafungu. Unachukua oda 12 kwa mpigo, unapita rafu mara moja na toroli, unabeba kila kitu. Safari inakuwa ndefu, tuseme dakika 10, lakini ni safari tano pekee. Kutembea ni dakika 50, kushika bidhaa ni 30, na kuzitenganisha mezani, kwa sekunde 20 kila moja, ni 40. Jumla ni saa mbili. Wale wale watatu ulionao wanamaliza kwa dakika 40.

Shida ya mafungu iko pale mezani. Viatu namba 39 na namba 40 vya rangi moja vinabadilishana maboksi, na kuhesabu hakutakusaidia, kwa sababu kila boksi lina idadi sawa. Kosa la aina hii huja kwa jozi: mteja mmoja akilalamika kapata kiatu cha mwingine, kuna wa pili kwenye fungu lile lile ambaye bado hajapiga simu. Mtafute kabla hajaomba kurudishiwa pesa. Dawa yake ni kuweka kreti 12 zenye namba kwenye toroli yenyewe, ili kila kitu kiingie kreti yake pale pale kwenye rafu, halafu anayefunga mzigo asome namba ya bidhaa na kuilinganisha na oda. Njia hii inafaa vitu vidogo. Ukiuza televisheni au magunia, toroli itajaa kwa oda mbili.

Njia ya pili ni kanda. Kila mfanyakazi anabaki sehemu yake, mmoja nguo, mwingine vyombo, mwingine simu, na boksi la oda linapita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Inapendeza ukiiona kwa maghala makubwa, lakini usiikimbilie. Siku ukitangaza ofa ya kava za simu, maboksi yatarundikana kanda ya simu huku wa vyombo amekaa tu. Ukiona rundo hilo kila siku mahali pamoja, jua kanda hazikugawanywa sawa. Kanda zina maana pale watu wanapoanza kugongana kati ya rafu, au bidhaa fulani zinahitaji kufungiwa au friji.

Ya tatu ni mawimbi, na hapa wengi huchanganya. Wimbi linahusu saa, halikuelezi upite rafu vipi. Unaangalia gari au boda zinaondoka saa ngapi, kisha unaachilia oda za safari hiyo pamoja. Kama boda zinaondoka saa tano, malipo yaliyoingia kabla ya saa nne yanakuwa wimbi moja, na ndani yake bado unaweza kukusanya kwa mafungu. Gharama yake ni kwamba aliyelipa saa nne na dakika tano anasubiri wimbi lijalo, hata kama watu wako wako huru. Kwa hivyo mwandikie saa ya mwisho kabla hajabonyeza kulipa. Akiiona baada ya pesa kutoka, atahisi umemchezea.

Kwa duka lenye wafanyakazi watatu, mimi ningeanza na mafungu wiki hii, toroli moja na kreti zenye namba. Mawimbi yangefuata mara tu safari za mizigo zikiwa na saa maalum. Kanda ningeziacha hadi watu waanze kupishana kwa shida kati ya rafu. Na huyo mtu wa nne, kama bado anahitajika, ningemweka mezani kwa kufunga na kukagua.